Amemaliza au anamalizia? Muhtasari na mstari kwa mstari katika kutafsiri ripoti ya wiki

Kila Alhamisi jioni napokea ripoti ya ukurasa mmoja kutoka Lagos. Anayeiandika ni developa anayefanyia kazi nyumbani kwake huko, na anaiandika kwa Kiingereza. Anayeisubiri ni meneja wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi, ambaye Jumamosi asubuhi huisoma kwa sauti mbele ya kamati. Wanakamati ni wafanyabiashara wa Gikomba na Muthurwa, na vikao vyao ni vya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yangu ni kuigeuza ripoti hiyo kabla ya Ijumaa adhuhuri, ili wanaoamua mambo ya pesa Jumamosi wawe wamesikia kile kile alichosema aliyeifanya kazi.

Nimefanya kazi hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni muhtasari: nasoma ripoti yote, naielewa, naiweka kando, halafu naandika aya moja au mbili za Kiswahili kizuri. Ya pili ni mstari kwa mstari: kila dai la developa linapata sentensi yake ya Kiswahili, kwa mpangilio ule ule, bila kuunganisha wala kuacha. Nilianza na muhtasari kwa sababu meneja aliupenda, na kusema kweli hata mimi niliupenda. Hapa chini naziweka njia zote mbili juu ya ripoti moja, kwa sababu tofauti yake huioni mpaka uzione zikifanya kazi moja.

Ripoti yenyewe ilihusu mfumo wa kupokea michango ya wanachama kwa M-Pesa, ambao huunganishwa kwa funguo, yaani misimbo ya siri. Huu ndio muhtasari nilioutoa wiki hiyo:

> Wiki hii kazi imeendelea vizuri. Ukurasa wa malipo umekamilika na majaribio ya malipo yamefaulu. Uhamishaji wa majina ya wanachama umefika asilimia 90, na ripoti ya michango inaendelea kutengenezwa. Kuna changamoto ya funguo ambazo hazijapatikana, lakini mfumo unapaswa kuwa hewani kabla ya Ijumaa ijayo.

Ukiusoma haraka huoni uongo. Kiswahili chake kinateleza, na kikao kiliupokea kwa furaha. Meneja aliwaambia wanakamati wawaarifu wanachama kwamba malipo ya simu yako tayari. Jumatatu watu wakajaribu kulipa, na hakuna kilichotokea kwenye simu zao. Mchana meneja akanipigia.

"Mwalimu, hii kazi imeisha ama haijaisha?"

"Haijaisha, mama."

"Na mbona karatasi yako inasema imekamilika?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilirudi kwenye ripoti ya Kiingereza nikaitafsiri upya, safari hii mstari kwa mstari:

> Ukurasa wa malipo: nimeumaliza upande wa majaribio. Kwenye mfumo halisi sijaujaribu.
> Ombi la malipo: ombi la majaribio limepokelewa. Jibu la kama pesa zimelipwa bado sijalipata.
> Majina ya wanachama: nimeingiza 1,080 kati ya 1,200. Yale 120 yaliyobaki yana nambari za simu zinazojirudia.
> Ripoti ya michango: nimekuwa nikiitengeneza tangu Jumanne. Haijaisha.
> Nilipokwama: sijapokea funguo za mfumo halisi. Niliziomba ofisini kwenu Jumanne tarehe 4.
> Tarehe: funguo zikinifikia kufikia Jumatatu tarehe 10, natarajia kuweka mfumo hewani Ijumaa tarehe 14.

Ripoti ni ile ile na mfasiri ni yule yule. Lakini anayesoma hii ya pili hawezi kumwambia mwanachama aanze kulipa.

Kitenzi ndicho kinachobeba maendeleo

Kwanza tuangalie "umekamilika". Kiambishi -me- katika Kiswahili kinasema jambo limetokea na matokeo yake yapo hadi sasa. Ukisema mlango umefungwa, msikilizaji anajua ukienda utaukuta umefungwa. Kwa hiyo "ukurasa umekamilika" unamwambia meneja kwamba ukurasa upo na unatumika leo. Developa hakusema hivyo. Alisema amemaliza upande wa majaribio, na neno hilo la upande wa majaribio ndilo nililolifuta wakati wa kufupisha, kwa sababu lilionekana kama maelezo ya kiufundi yasiyomhusu meneja. Kumbe ndilo lililokuwa na maana yote.

Tangu siku hiyo situmii -me- kwa kazi ya developa bila kutaja mahali ilipokamilika. Na kabla ya kuchagua kitenzi najiuliza msikilizaji atafanya nini akikisikia:

| Ukiandika | Meneja anasikia |
|---|---|
| amemaliza | ipo, inaweza kutumika leo |
| alimaliza | iliisha siku fulani. Huenda kuna kilichoharibika baadaye |
| anamalizia | kubwa limeisha, amebakiza kipande cha mwisho |
| amekuwa akitengeneza | ameshika kazi siku kadhaa, mwisho haujulikani |
| hajamaliza | bado, lakini anaendelea |
| hakumaliza | muda ulipita na kazi ikabaki |

Pa kuangalia zaidi ni "anamalizia". Ni neno tamu, na mfasiri anayetaka kumpendeza kila mtu hulikimbilia. Lakini kama developa ameandika tu kwamba yuko kwenye kazi hiyo tangu Jumanne, "anamalizia" ni ahadi uliyoitoa wewe kwa niaba yake. Hiyo "inaendelea kutengenezwa" ya muhtasari wangu nayo ina kasoro yake: haina mtu wala siku, na kamati haiwezi kujua kama kazi imeanza jana au mwezi uliopita.

Katika muhtasari asilimia 90 nayo ilibaki bila tumbo. Asilimia 90 ya nini? Yale majina 120 yaliyobaki hayakuwa kazi ya nusu siku kama hesabu inavyodokeza. Yalibaki kwa sababu ndiyo magumu, kila jina likihitaji mtu wa ofisi amuulize mwanachama nambari yake. Ukiandika 1,080 kati ya 1,200 pamoja na sababu, meneja anaona papo hapo kwamba sehemu hiyo iliyobaki iko mikononi mwa ofisi yake.

"Majaribio yamefaulu": kosa lililoniuma zaidi

Developa alikuwa amebandika ndani ya ripoti jibu alilolipata kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, ile huduma ambayo kwayo mifumo huunganishwa na M-Pesa:

```json
{
  "ResponseCode": "0",
  "ResponseDescription": "Success. Request accepted for processing"
}
```

Mimi niliona neno la kwanza la maelezo hayo, linalosema mambo yamefaulu, nikaandika kwamba majaribio ya malipo yamefaulu. Sentensi nzima inasema jambo dogo zaidi: ombi limekubaliwa lishughulikiwe. Hapo mfumo umepokea tu agizo la kutuma ujumbe kwenye simu ya mlipaji ili aweke PIN. Mlipaji bado anaweza kukataa, kuishiwa na salio, au kuwa na simu iliyozimwa. Habari ya malipo yenyewe huja baadaye katika ujumbe wa pili, wenye sehemu iitwayo `ResultCode`. Ikiwa 0, pesa zimelipwa. Ikiwa 1032, mlipaji ameghairi. Katika ripoti ya wiki ile, ujumbe huo wa pili haukuwepo kabisa, na developa mwenyewe alikuwa ameandika kwamba bado anausubiri.

Hapa ndipo muhtasari unapomwangusha hata mfasiri anayejua lugha zote mbili vizuri. Muhtasari unakutaka useme maana ya jumla, na maana ya jumla ya neno la kufaulu ni kufaulu. Njia ya mstari kwa mstari inakulazimisha uulize: ni nini hasa kilichofaulu? Ombi, au malipo? Usipopata nomino ya kuweka mbele ya kitenzi, huwezi kuandika sentensi, na hapo unajua unapaswa kumuuliza developa. Mimi humwandikia swali moja fupi usiku huo huo, na mara nyingi jibu linafika kabla sijalala.

Aliyekwama, na aliyemkwamisha

Sasa ile "changamoto ya funguo ambazo hazijapatikana". Sentensi hii ina makosa mawili, na la pili ndilo baya.

La kwanza ni neno changamoto. Nairobi tumelizoea mno: foleni ya magari ni changamoto, mvua ni changamoto, mkopo usiolipwa ni changamoto. Linaweza kuwa na maana ya jambo linalochelewesha kazi, au jambo linaloweza kutokea, au jambo lililoisimamisha kazi kabisa. Kwa meneja hayo ni mambo matatu tofauti, yenye haraka tofauti. Developa alikuwa amesimama. Kiswahili kina neno lake tayari, na kila mtu mjini analitumia: amekwama. Kikiwa kitu, ni kikwazo. Changamoto nimeiacha kwa hotuba.

La pili ni "hazijapatikana". Tukitumia -ik- au -ikan- kitendo kinabaki bila mtendaji: funguo hazipatikani, kazi haikufanyika, kikombe kilivunjika. Ni adabu ya lugha yetu, na katika mazungumzo ya kawaida inasaidia watu wasigombane. Lakini katika ripoti inaficha jina la anayepaswa kufanya kitu. Meneja aliposikia kwamba funguo hazijapatikana, alidhani developa ndiye anayezitafuta. Kumbe zilikuwa za kutoka ofisini kwake mwenyewe, na zilikuwa zimeombwa Jumanne. Kwa wiki nzima, mtu pekee anayeweza kumkwamua developa hakujua kwamba anangojewa.

Nilisita kuandika "ofisi yenu haijanitumia". Ilionekana kama lawama kwa mtu anayenilipa. Nilichokuja kukichagua ni "sijapokea funguo, niliziomba ofisini kwenu Jumanne tarehe 4". Mtendaji anaonekana, siku inaonekana, na heshima ipo. Iwapo ripoti ya asili haisemi ni nani anayengojewa, usibuni. Uliza.

Angalia pia kukanusha kwenyewe. "Sijapokea" inasema bado nangoja na zikija leo nitazitumia. "Sikupokea" inasema siku ile hazikuja, mlango umefungwa. Wengi wanaoandika Kiingereza cha haraka hutumia wakati uliopita hata wanapozungumzia jambo linaloendelea, na mfasiri akiufuata wakati huo kama ulivyo, anaandika "sikupokea". Kwa sikio la Kiswahili hiyo ni manung'uniko juu ya jambo lililopita, si ombi lililo wazi. Nikiona wakati uliopita kwenye kikwazo, naangalia kama kikwazo kipo hata sasa. Kama kipo, -ja- ndiyo kweli.

Masharti nayo yana hatari kama hiyo. "Funguo zikinifikia, nitaweka hewani" ni sharti lililo wazi. "Zingenifikia, ningeweka hewani" humfanya msikilizaji aone kwamba mambo yameshaharibika. Mfasiri anayependa -nge- kwa sababu inasikika ya upole anaweza kumgeuza mfanyakazi anayengoja kuwa mfanyakazi anayelalamika.

Siku na saa

Sentensi ya mwisho ya muhtasari ilisema mfumo "unapaswa kuwa hewani kabla ya Ijumaa ijayo". Developa alikuwa ameeleza matarajio yake, tena yenye sharti. "Unapaswa" kwa Kiswahili ni wajibu, na kamati ikausikia kama ahadi. Sharti lenyewe lilimezwa na muhtasari. Na "kabla ya Ijumaa" inamalizika Alhamisi usiku, ilhali yeye alikuwa amejipa hadi Ijumaa yenyewe. Ndiyo maana sasa naandika "Ijumaa tarehe 14", au "kufikia Ijumaa" pale siku yenyewe inapohesabiwa. Kuhusu "ijayo": ripoti inaandikwa Alhamisi, inasomwa Jumamosi, na katikati Ijumaa moja inapita. Weka tarehe. "Kesho" na "jana" pia nazigeuza kuwa siku zenye majina.

Saa ilinipa somo la pekee. Developa aliomba kikao cha simu saa 10:00 kwa saa za Lagos. Lagos iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili, kwa hiyo kwetu hiyo ni 12:00, yaani saa sita mchana. Mtu akinakili tu "saa 10", Mswahili atasikia saa kumi, wakati jua linaelekea kutua na developa amechoka kusubiri. Naandika hivi: saa sita mchana (12:00) Nairobi. Maneno na tarakimu pamoja, na jina la mji.

Uchague ipi

Kama ripoti itasomwa na mtu atakayeamua jambo kwa kuitegemea, yaani kulipa awamu ya kazi, kuwatangazia wanachama, kuajiri mtu wa pili au kumsukuma mtu wa ofisini, chagua mstari kwa mstari. Kwangu inachukua saa moja hivi, pamoja na swali na jibu la Lagos. Muhtasari ulinichukua chini ya nusu ya hiyo. Muda huo uliozidi ni nafuu ukilinganisha na Jumatatu ile.

Muhtasari una nafasi yake. Kuna wiki ambayo hakuna linaloamuliwa na meneja anataka tu kujua kazi inasonga. Kuna ripoti za kurasa nne ambazo hakuna kamati itakayozisikiliza zote. Hapo naandika muhtasari, lakini nauandika mwisho, kutoka kwenye tafsiri yangu ya mstari kwa mstari na si kutoka kwenye Kiingereza, na vitenzi navichukua kama vilivyo. Ikiwa mstari unasema "nimeumaliza upande wa majaribio", muhtasari hauruhusiwi kusema "umekamilika". Kikwazo hakifupishwi kamwe. Kinakaa juu kabisa, kikiwa na jina la anayengojewa na tarehe ya ombi.

Njia ya mstari kwa mstari ina mpaka wake, na anayeichagua aujue: haimfanyi developa kuwa mkweli. Akiandika kwamba kazi iko karibu kuisha ilhali hajaianza, mimi nitaandika "iko karibu kuisha". Sina ruhusa ya kumpunguzia wala kumwongezea, na sina ruhusa ya kugeuza "karibu" kuwa asilimia. Nikishuku kitu, naweka chini ya ripoti mstari tofauti wenye kichwa "Maelezo ya mfasiri", naandika kwamba dai fulani halikutaja kiasi wala siku. Meneja anajua hapo ni mimi ninayesema, na swali analiuliza yeye.

Ile tafsiri ya pili nilimpelekea Jumanne asubuhi, ofisini, karatasi mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye mstari wa funguo aliurudia kwa sauti, "niliziomba ofisini kwenu Jumanne tarehe 4", akainua kichwa na kumwita katibu. Barua pepe ilikuwepo, imefunguliwa, haijajibiwa. Jumatatu tarehe 10 ilikuwa imepita jana yake, kwa hiyo hata tarehe 14 haikuwezekana tena, na tulimwandikia developa pale pale kumwomba tarehe mpya. Ripoti ya Alhamisi hiyo ilianza hivi: "Funguo zimenifika Jumanne tarehe 11, saa nane mchana ya Nairobi. Mfumo halisi nimeanza kuujaribu; sijaumaliza." Jumamosi meneja aliisoma kama ilivyo, na hakuna mwanakamati aliyetoka kwenda kuwaambia watu walipe.